Karatasi za Ukutani Hazitoshi: Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi ya Kikundi

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu viongozi wa kijiji na kata, waasisi wa kikundi, akina mama wenzetu, na nyinyi akina baba mliokuja kutusindikiza. 

Risala ya Katibu mmeshaisikia. Imeeleza tulivyoanza mwaka 2015 na sanduku moja la bati lenye funguo tatu, na mpaka leo tumefika wapi. Hayo hatutayarudia. Kamati imetuomba tuzungumze juu ya jambo moja tu ambalo wageni wengi wametuuliza tangu asubuhi: ilikuwaje mwaka 2023 tukaponea chupuchupu kupeleka fedha za mgao wetu kwenye SACCOS ambayo haikuwa SACCOS. Tumeona ni bora lisemwe hapa mbele ya watu na liandikwe kwenye kijitabu hiki, ili aliye na binti yake au jirani yake amsomee.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi Desemba mwaka 2022 tulivunja sanduku, tukagawana kama kawaida. Safari hiyo wengi tulisema, jamani, fedha hizi tukizirudisha nyumbani zote zitaisha kwa sikukuu na sare za shule. Na mikopo ya sanduku letu ilikuwa midogo. Anayetaka kununua mashine ya kukoboa au kuezeka nyumba, sanduku halimfikishi. Hivyo tukakubaliana kwamba kila anayetaka ajiunge na SACCOS, huku kikundi kikiendelea kama kawaida. Waliojiandikisha walikuwa 28. Kila mmoja alitakiwa kutoa kiingilio shilingi 10,000, hisa shilingi 50,000 na akiba ya kuanzia shilingi 100,000. Jumla kwa mtu mmoja ni shilingi 160,000, na kwa watu 28 ni shilingi 4,480,000. Kwa akina mama wa jembe na magenge, hizo ni fedha za mwaka mzima.

SACCOS tuliyoelekezwa ilikuwa kwenye mji mdogo wa jirani. Ofisi nzuri, imepakwa rangi, ina dirisha la kupokelea fedha kama benki, na kijana aliyevaa tai. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshajiunga akatusifia. Meneja alitukaribisha soda. Alituambia tukiweka akiba, baada ya wiki mbili tunakopa mara tatu yake, na akiba yenyewe inazaa asilimia 10 kila mwezi. Tukatazamana. Wengine walitaka kutoa fedha palepale.

Mweka Hazina wetu ndiye aliyeuliza swali, Mungu ambariki. Alisema, "Baba, tunaomba kuona usajili wenu." Meneja akacheka, akanyosha mkono ukutani. Kweli, ukutani kulikuwa na karatasi tatu ndani ya fremu za vioo, zina mihuri na nembo. Akina mama wengi walitosheka. Lakini Mweka Hazina alisogea akazisoma moja moja, na sisi tukamfuata. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya BRELA. Ilisema jina fulani limesajiliwa kuwa jina la biashara. Karatasi ya pili ilikuwa cheti cha namba ya mlipakodi, ile tunayoiita TIN. Ya tatu ilikuwa leseni ya biashara ya halmashauri. Zote tatu zilikuwa za kweli, hazikughushiwa. Ila hakuna hata moja kati yake inayomruhusu mtu kupokea akiba za wanachama. Jina la biashara anaandikisha hata mwenye saluni. TIN anayo hata mwenye bodaboda. Leseni ya biashara anayo mwenye duka la sukari. SACCOS ni chama cha ushirika, na chama cha ushirika hakiandikishwi BRELA. Kinaandikishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013. Kwa hiyo hati ya SACCOS lazima itoke kwa Mrajis. Ukiona fremu ishirini ukutani na ya Mrajis haimo, ujue hujaona usajili.

Tukamwambia meneja, tunaomba ile ya Mrajis. Akaingia chumba cha ndani, akakaa muda, akatoka na fotokopi. Ilikuwa hati ya usajili kweli, ina namba, ina sahihi. Hapo wengi wetu tulisema, yameisha, tulipe. Wapo waliomnunia Mweka Hazina, kwamba anawatia aibu wenzake mbele ya watu. Lakini tuliafikiana jambo moja dogo: tuandike jina lote kama lilivyo na namba yote kama ilivyo kwenye daftari, turudi nyumbani, tutume watu wawili wilayani kuuliza. Tulimwaga meneja vizuri. Alituambia tukichelewa nafasi zitajaa. Mtu anayeitaka fedha yako leo leo, maana kesho nafasi zitajaa, huyo naye muulize mara mbili.

Akina mama wenzetu, kwa nini tusiamini fotokopi? Kwa sababu karatasi inaonyesha siku iliyotolewa tu. Haionyeshi kilichotokea baadaye. Mrajis anaweza kufuta usajili wa chama, na siku hiyo hati haidondoki ukutani yenyewe. Inabaki pale na fremu yake. Aidha fotokopi inaweza kuwa ya chama kingine kabisa. Kwa hiyo hati ni ya kukupa jina na namba. Ukweli wake unaupata kwa yule aliyeitoa, wala si kwa yule aliyeishika.

Na huko kwa aliyeitoa si mbali kama tunavyodhani. Mrajis ndiye Mtendaji Mkuu wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, yenye makao makuu Dodoma. Lakini kila mkoa una Mrajis Msaidizi, na kwenye halmashauri yupo Afisa Ushirika. Wajumbe wetu wawili walikwenda kwa Afisa Ushirika wilayani. Nauli na chai za watu wawili zilitugharimu shilingi 22,000 kutoka mfuko wa jamii, na wapo walionung'unika. Leo hakuna anayenung'unika.

Afisa Ushirika aliwapokea vizuri. Aliwauliza jina, akauliza namba, akafungua daftari lake, halafu akawasiliana na ofisi ya Mrajis Msaidizi mkoani, ambako waliangalia kwenye kompyuta. Tume ina mfumo wake wa kusimamia vyama, unaitwa MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Jibu lilipokuja, wajumbe wetu waliishiwa nguvu.

Namba ilikuwa ya kweli. Hati ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa ya SACCOS ya wakulima wa kata nyingine, ambayo ilikuwa imelala miaka mingi. Kwenye ushirika chama cha namna hiyo wanakiita chama sinzia. Kimeandikishwa, hakijafutwa, lakini hakifanyi mikutano, hakitoi taarifa wala hakifanyi kazi. Jina lililoandikwa kwenye bango la ile ofisi lilifanana na la hati, ila bango lilikuwa na neno moja zaidi. Sisi kwa macho yetu tuliliona ni jina lilelile. Ndiyo maana tunawaambia, jina linganisheni neno kwa neno: la bango, la hati, la stakabadhi na la akaunti ya benki. Yakitofautiana hata neno moja, simama hapo.

Kisha Afisa akawauliza wajumbe wetu swali ambalo hawakulitegemea: "Na leseni mmeiona?" Wakasema tumeona leseni ya biashara. Akasema hapana, leseni ya SACCOS.

Hapa, ndugu zetu, tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu hata wasomi wanapachanganya. Zamani SACCOS ikishaandikishwa na Mrajis, ilianza kazi. Mwaka 2018 ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, Namba 10 ya mwaka huo, na kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Tangu hapo SACCOS inatakiwa kuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni hati ya usajili, inayosema chama hiki kimezaliwa. Cha pili ni leseni, inayosema chama hiki kinaruhusiwa kufanya shughuli ya kuweka na kukopa. Benki Kuu imeikabidhi Tume ya Maendeleo ya Ushirika kazi ya kutoa leseni hizo. Hati bila leseni ni kama mtu aliyezaliwa na jina analo, lakini hajafuzu udereva. Huwezi kupanda gari lake kwa sababu ana cheti cha kuzaliwa.

Sheria hiyohiyo imepanga watoa huduma katika madaraja manne, na ukiyajua hupotei. Daraja la kwanza ni benki za huduma ndogo za fedha zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha fedha zao. Hawa wanakopesha tu, hawaruhusiwi kupokea akiba za watu. La tatu ni SACCOS, nazo zinapokea akiba za wanachama wao. La nne ni sisi, vikundi vya kijamii kama VICOBA, ambao tunaandikishwa halmashauri. Kikundi chetu nacho tulikiandikisha mwaka 2021. Sasa mtu akikuonyesha karatasi, muulize yuko daraja gani. Kampuni ya kukopesha ikikwambia leta akiba, imevuka mpaka wake. Na kikundi cha halmashauri kikijiita SACCOS, hakijawa SACCOS.

Ile ofisi ya tai na soda haikuwa na leseni. Na hata kama ile SACCOS sinzia ingefufuka, wanachama wake ni wakulima wa kata ile. SACCOS ina fungamano lake, yaani kitu kinachowaunganisha wanachama, kama kazi moja au mahali wanapoishi, na kimeandikwa kwenye masharti ya chama. SACCOS ya kweli inakuuliza wewe ni nani na unaishi wapi, unajaza fomu ya maombi, ndipo unapokelewa. Haipokei akiba ya mpita njia. Sisi pale hatukuulizwa hata majina. Tuliulizwa tumekuja na shilingi ngapi.

Yule mwenzetu aliyetutangulia alikuwa ameshaweka shilingi 260,000. Ametuambia tulitaje jambo lake bila jina lake, ili lifundishe. Wajumbe waliporudi na habari, alikwenda kudai fedha zake kesho yake, na stakabadhi mkononi. Walimpa shilingi 100,000, wakamwambia aje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi akaambiwa arudi baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka akakuta kufuli na bango limeng'olewa. Afisa Ushirika alikuwa ameshatoa taarifa, na polisi walichukua maelezo, lakini shilingi 160,000 hazijarudi mpaka leo tunapozungumza. Kiasi hichohicho ndicho tulichotaka kutoa kila mmoja wetu, watu 28.

Wapo wanaouliza, je, Serikali si ingelipa? Hapana. Benki inapoanguka, mwenye amana ana kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, kwa kiwango kilichowekwa. SACCOS haimo kwenye kinga hiyo, hata ile yenye hati na leseni. Fedha za SACCOS ni za wanachama, na hasara ni ya wanachama. Ndiyo maana kuuliza kunatakiwa kufanyike kabla fedha haijatoka mkononi. Ikishatoka, kuuliza kunakuwa kulia.

Na hizo asilimia 10 kwa mwezi? Wenye umri wetu tunaikumbuka DECI, ile ya kupanda mbegu na kuvuna, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. SACCOS inapata fedha kutokana na riba ya mikopo inayowapa wanachama wake. Piga hesabu mwenyewe: ili ikulipe asilimia 10 kwa mwezi, anayekopa alipe ngapi? Labda zaidi ya asilimia 120 kwa mwaka, na gharama za ofisi hujaweka. Hakuna mama wa genge anayeweza kulipa hivyo. Maana yake fedha unayolipwa wewe ni ya mwenzio aliyeingia baada yako.

Sasa tuseme tulivyofanya baadaye, kwa sababu hatukukata tamaa. Mwezi Juni mwaka 2023 tuliisikia SACCOS nyingine. Ofisi yake ni ya chumba kimoja, feni haizunguki. Tulifuata njia ileile. Tuliandika jina na namba, tukaenda kwa Afisa Ushirika. Akasema chama ni hai, usajili upo, leseni ipo, na kata yetu imo kwenye fungamano lao. Kijana wa mmoja wetu naye aliingia kwenye tovuti ya Tume, www.ushirika.go.tz, akasoma habari za SACCOS zenye leseni. Lakini tulitegemea zaidi kauli ya ofisi ya Mrajis Msaidizi, maana hapo unaulizia siku ileile.

Hatukuishia hapo, kwa kuwa usajili na leseni vinakuambia chama kinaruhusiwa. Havikuambii kinaendeshwa vizuri. Tuliomba mambo mengine mawili. La kwanza, taarifa ya ukaguzi wa hesabu ya mwaka uliopita, iliyosomwa kwenye mkutano mkuu. Vyama vya ushirika vinakaguliwa, na vingi hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Hatujui hesabu kubwa, lakini tulimwomba mwalimu atusomee sehemu moja: mikopo isiyorejeshwa ni kiasi gani. La pili, ukomo wa madeni. Chama cha ushirika hakikopi kinavyopenda. Mkutano mkuu unapendekeza kiwango na Mrajis anakiidhinisha. Tuliuliza kiwango ni kipi na chama kinadaiwa ngapi. Meneja wa ile SACCOS ya feni mbovu alifungua faili akatuonyesha bila kununa. Hilo lenyewe lilitutuliza moyo.

Siku ya kulipa hatukumpa mtu fedha mkononi. Tuliweka benki, kwenye akaunti yenye jina la chama neno kwa neno, halafu tukapeleka hati za malipo tukakatiwa stakabadhi, kila mmoja kwa jina lake, na mistari mitatu: kiingilio, hisa, akiba. Kila mmoja akapewa kitabu chake. Mistari hiyo itenganishwe, kwa kuwa kiingilio hakirudi, na hisa na akiba haziko sawa siku unapotaka kutoka.

Tulijiunga watu 25, maana watatu walikuwa wameshaogopa, na hatuwalaumu. Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Kila mwezi Januari, kabla ya kuongeza akiba, wajumbe wawili wanakwenda wilayani kuuliza maneno manne tu: usajili bado upo? leseni bado ipo? ukaguzi umefanyika? mkutano mkuu ulikaa? Majibu yanaandikwa kwenye daftari la kikundi na tarehe yake. Nauli sasa imepanda, ila hakuna anayebisha ikitajwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunalo ombi moja kwako. Ofisi ya Afisa Ushirika iko mbali na vijiji vingi, na akina mama wengi hawajui kama ipo. Tunaomba orodha ya SACCOS zenye leseni katika wilaya yetu ibandikwe kwenye ofisi za kata, na ibadilishwe kila mwaka. Karatasi hiyo tutaisoma.

Na kwako mwenzetu aliyepoteza shilingi 160,000, unajijua. Stakabadhi zako tunazitunza ndani ya sanduku, chini ya funguo tatu, mpaka siku yake. Hukutuangusha. Wewe ndiye uliyetufumbua macho.

Kikundi chetu kidumu. Sasa karibuni chakula.